Kura ya hapana ya John Densmore

Mwaka 1968 Jim Morrison, mwimbaji wa bendi ya The Doors, alikuwa Ulaya wenzake watatu walipokubali wimbo wao "Light My Fire" utumike kutangaza gari la Buick. Aliporudi akakuta mkataba umeshasainiwa. Alikasirika vibaya, akatishia kulivunja Buick kwa nyundo jukwaani, na tangazo likafutwa. Kinachosahaulika ni kwamba wimbo huo, kwa sehemu kubwa, haukuwa wake. Aliyeuanza ni mpiga gitaa, Robby Krieger, na Krieger alikuwa miongoni mwa waliosema ndiyo.

Kwangu hapo ndipo ugomvi mzima wa "kujiuza" ulipo. Tunabishana kama msanii amepokea hela, huku swali gumu zaidi likipita kimya: nani ana haki ya kukataa?

Anayetaka wimbo kwenye filamu au tangazo anahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi yenyewe, na mara nyingi hao wawili si wanamuziki. Nike ilipotumia "Revolution" ya The Beatles mwaka 1987, utunzi ulikuwa mikononi mwa kampuni aliyoinunua Michael Jackson miaka miwili nyuma, na kibali cha rekodi kilitolewa na kampuni ya Capitol. Mashabiki wengi walihisi wamesalitiwa, ilhali Beatles waliobaki hawakuwa na uwezo wa kuzuia. Kampuni yao, Apple, iliishia kwenda mahakamani.

The Doors walikuwa tofauti. Walikuwa wamekubaliana kugawana mapato sawa kwa sawa, na kila mmoja awe na kura ya turufu. Morrison alifariki mwaka 1971, lakini makubaliano hayakufa naye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Cadillac ilipotoa dola milioni 15 kwa ajili ya "Break on Through", Krieger na mpiga kinanda Ray Manzarek walitaka kukubali. Mpiga ngoma, John Densmore, akakataa, na neno lake peke yake likatosha. Cadillac ikaenda kuchukua wimbo wa Led Zeppelin.

Upande wa Krieger na Manzarek si wa kudharau. Tayari walikuwa wamezeeka na walitaka nyimbo zao ziwafikie watu ambao hawakuwepo zilipotoka. Na tangazo linaweza kufanya hivyo kweli: mwaka 2000 Volkswagen ilitumia "Pink Moon" ya Nick Drake, aliyefariki mwaka 1974 akiwa karibu hajulikani, na ndani ya muda mfupi albamu yenye jina hilo hilo ikauzika kuliko ilivyouzika miaka yote iliyotangulia. Siwezi kuliita hilo usaliti. Wimbo ule ulikuwa bado haujakaa kwenye kumbukumbu za watu wengi, kwa hiyo hakuna kilichoporwa.

"Break on Through" ni jambo jingine. Mamilioni walikuwa wameshaufungamanisha na ujana wao, na hata vifo vya wenzao. Wapo wanaouliza: mbona mashabiki hawakulalamika "The End" ya The Doors ilipofungua filamu ya Francis Ford Coppola, *Apocalypse Now*, mwaka 1979? Filamu nayo ni biashara, na kibali chake hulipiwa. Naona tofauti iko katika kazi ambayo wimbo hupewa. Pale msitu unateketea kwa moto wa napamu na sauti ya Morrison inaingia juu yake. Picha haikuambii ununue chochote, na wimbo unatoka ukiwa mzito zaidi. Tangazo lina agizo moja tu, na kila mstari wa wimbo lazima upinde kulielekea.

Densmore mwenyewe hakuwa mtakatifu, na sidhani alijifanya hivyo. Aliwahi kuruhusu "Riders on the Storm" itangaze matairi ya Pirelli nchini Uingereza, halafu akasema dhamiri ilimsuta na akagawa fungu lake kama sadaka. Baadaye, mwaka 2003, aliwashtaki wenzake kwa kuzunguka wakitumia jina la bendi, nao wakafungua madai dhidi yake ya dola milioni 40, wakilitumia lile la Cadillac kama ushahidi kwamba aliwakosesha mapato. Wazazi wa Morrison walisimama upande wake. Mwaka 2005 alishinda.

Kura ya namna hii inaumiza: mtu mmoja aliweza kuwanyima wenzake utajiri wa wimbo walioucheza wote. Hata hivyo nasimama na Densmore, kwa sababu ndiyo ya wenzake ingemfuta yeye moja kwa moja, wakati hapana yake iliuacha wimbo pale pale ulipokuwa. Mwaka 2023 kampuni ya Primary Wave ilinunua haki za Krieger na za familia ya Manzarek. Densmore hakuuza fungu lake.