Deni lililofutwa likilipwa, usimgeuze mdaiwa kuwa mdai

Juzi nilikuwa napitia orodha ya wadaiwa wa kampuni moja (jina naliacha, wenyewe watajijua) nikakutana na mteja mwenye salio hasi la 150,000. Mtu aliyewakimbia muda wote huo, leo vitabu vinasema yeye ndiye anayewadai! Nikamuuliza mhasibu, akanijibu bila wasiwasi: "Alilipa, nikamkrediti."

Sawa, alilipa. Alilipa nini?

Mteja huyo alikuwa anadaiwa 900,000. Mwaka 2022 kampuni ilikata tamaa, ikadebiti madeni mabaya na kukrediti akaunti yake. Salio likawa sifuri, faida ya mwaka ule ikapungua kwa kiasi hicho. Machi 2024 jamaa akaibuka na kuweka 600,000 benki. Mhasibu wetu akadebiti benki, akamkrediti mteja, akaenda zake kula. Kwa kuwa akaunti ilikuwa tupu, krediti ile haikupata deni la kupunguza, ikabaki inaning'inia kama malipo ya awali. Mwisho wa mwezi mteja akatumiwa taarifa ya akaunti, naye si mjinga. Aliagiza mali ya 450,000 na kuandika kwenye oda: "Ikatwe kwenye salio langu." Wakakata! Kampuni imelipwa deni lake, kisha imemrudishia mdaiwa robo tatu ya fedha kwa njia ya mali, na hakuna aliyeshtuka.

Kilichotakiwa ni maingizo mawili tu. Kwanza unalirudisha deni vitabuni: unamdebiti mteja 600,000 na kukrediti akaunti ya madeni mabaya yaliyorejeshwa, ambayo ni mapato ya 2024. Wanaotumia posho ya madeni mabaya wanakrediti posho badala yake. Ndipo unadebiti benki na kumkrediti mteja. Akaunti yake inarudi sifuri, na hapo hana salio la kuchezea.

Najua kuna watakaosema hatua ya kwanza ni mbwembwe: debiti benki, krediti mapato, faida ni ile ile. Ni ile ile kweli, nakubali shingo upande. Lakini hebu fungueni leja ya mteja. Mstari wa mwisho unasema deni lilifutwa 2022, basi. Afisa mauzo anayetaka kujua kama mtu huyu akopeshwe tena ataona nusu ya habari. Mkusanya madeni, akishika orodha yake ya waliofutwa, atamfuata kudai 900,000 nzima, na mteja atamtolea risiti usoni. Leja ya mteja ndiyo kumbukumbu ya tabia yake ya kulipa, na huyu, kwa ubaya wake wote, amelipa theluthi mbili ya deni ambalo hakuna aliyekuwa anamdai tena. Hilo nalo liandikwe! Ile 300,000 iliyobaki msiirudishe vitabuni kwa sababu tu ameahidi kwenye simu. Ahadi zake ndizo zilizowafikisha hapo. Akionyesha ushahidi wa maana kwamba inakuja, hapo tutazungumza.

Wengine wanataka kurudi kurekebisha hesabu za 2022. Za nini? Mwaka ule, kwa taarifa zilizokuwepo, kufuta kulikuwa sahihi. Makadirio yamebadilika, hakuna kosa lililogunduliwa, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 8, kinataka mabadiliko ya makadirio yaingie kipindi yanapotokea. Na wale wanaoitupa fedha hiyo kwenye mauzo wanapandisha faida ghafi kwa mali iliyouzwa zamani, kisha wanashangaa asilimia imeruka.

Kwenye kodi, kanuni hutofautiana nchi na nchi, ila kabla ya kuandika chochote tafuta faili la mwaka wa kufuta. Kama hasara ile ilikubaliwa kupunguza kodi, kwa kawaida fedha ikirudi inatozwa. Kama ilikataliwa, usikubali kirahisi kutozwa tena. Na kama deni lilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ambayo ulirudishiwa ulipofuta, sehemu ya hiyo 600,000 ni ya mamlaka ya kodi, kwa hiyo usiikrediti yote kwenye mapato.

Kuhusu kampuni yetu, marekebisho kwenye vitabu ni rahisi: mdebiti mteja 600,000, krediti madeni yaliyorejeshwa. Akaunti itaonyesha anadaiwa 450,000 ya mali aliyochukua. Ugumu uko kwenye kumdai, maana mkononi ana karatasi yenye nembo yenu inayosema ninyi ndio mnaodaiwa.