Ameathirika na nini? Tasfida inapogeuka kuwa jina la aibu

Mwambie Mtanzania kwamba fulani "ameathirika", kisha unyamaze. Hatakuuliza ameathirika na nini. Kisarufi sentensi hiyo inadai nyongeza, kwa kuwa kuathirika ni kupata athari, na athari lazima itoke mahali: ukame, vita, baridi, bei kupanda. Lakini msikilizaji ameshaijaza nafasi hiyo kimyakimya, na alichoijazia ni virusi vya UKIMWI. Neno lililochukuliwa ili kumsitiri mgonjwa sasa ndilo linalomtangaza.

Wataalamu wa lugha wana jina la maneno ya namna hii: tasfida. Ubishi juu yake ni wa zamani na haujaisha. Wapo wanaosema kubadili majina ya maradhi na ya viungo vya mwili ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu, kwa sababu doa litarudi tu. Wengine wanasema jina baya linaumiza leo, na mtu hawezi kuambiwa asubiri jamii ibadilike kwanza. Safari ya "kuathirika" inafaa kuupima ubishi huo, maana hatua zake zote bado zinaonekana.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa kwa magendo kutoka Uganda siku zile. Baadaye likaja jina rasmi, Upungufu wa Kinga Mwilini, kwa kifupi UKIMWI. Ukilitazama vizuri, jina hilo lilikuwa safi kabisa: halikutaja ngono wala kifo, lilieleza tu kinachotokea mwilini. Usafi huo haukudumu. Mitaani watu wakalikwepa wakatafuta mengine, wakasema mtu ana ngoma, ana mdudu, amekanyaga miwaya. Misimu hiyo ilisitiri ugonjwa lakini ilimdhihaki mgonjwa, kwa hiyo haikufaa kusemwa kliniki wala redioni. Hapo ndipo "kuathirika" lilipopata kazi. Ni kitenzi cha heshima chenye asili ya Kiarabu, kipana, kisichomlaumu mtu. Aliyeathirika hakufanya jambo. Jambo ndilo lililomfika.

Lilichafukaje basi? Mlango ni kukatwa kwa nyongeza. Mwanzoni husemwa "ameathirika na virusi vya UKIMWI", sentensi nzima. Kwa kuwa sehemu inayochoma ni ile ya mwisho, wasemaji huidondosha kwa hisani, na "ameathirika" hubaki peke yake ikibeba mzigo wote. Kila ikisemwa hivyo, maana ile pana inazidi kusahaulika. Halafu kitenzi huzaa nomino, mwathirika, na hapa madhara huongezeka. Kitenzi husimulia lililompata mtu, ilhali nomino humwambia yeye ni nani. Mtu aweza kuathirika akapata nafuu. Mwathirika ni mwathirika asubuhi na jioni.

Dalili kwamba neno limeshaingia doa haimo katika kamusi. Tazama wanaolikimbia. Mwandishi wa habari za mafuriko alikuwa na haki zote za kuandika "waathirika wa mafuriko", na wapo wanaoandika hivyo hadi leo, lakini wengi walihamia "wahanga wa mafuriko". Uhamisho huo una kasoro yake. Mhanga hutoka katika kujitoa mhanga, yaani kujitoa sadaka kwa hiari, na hakuna aliyejitolea nyumba yake ichukuliwe na maji. (Muhanga ni pia mnyama mchimbaji mashimo anayekula mchwa, lakini hilo tuliache.) Waandishi walikubali neno lisilofaa kuliko lililofaa ila limechafuka. Neno likianza kukimbiwa hata na wasiohusika na ugonjwa, tasfida imekwisha kazi.

Waliokuwa na virusi wenyewe walikuwa wameshaliona tatizo la nomino. Mwaka huohuo wa 1983, huko Denver, Marekani, kundi la wagonjwa lilitoa tamko la kukataa kuitwa kwa jina la walioonewa na maradhi. Walitaka kuitwa watu wenye UKIMWI: mtu kwanza, ugonjwa baadaye. Mkondo huo ndio uliotuletea "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI", na kwa hoja ya staha ni kauli bora kuliko "waathirika". Ina "watu", ina "kuishi", na inautaja ugonjwa bila kuuficha.

Ila hesabu silabi zake: ni kumi na tano. "Mwathirika" ina nne. Lugha ya kila siku haibebi silabi kumi na tano kwa jambo linalotajwa mara kumi kwa siku, kwa hiyo kifupi hakikuchelewa. Leo watoa huduma husema WAVIU. Neno "watu", lililopiganiwa kwa miaka, limebaki herufi mbili za mwanzo, na kirai kilichomtanguliza mtu kimegeuka nomino nyingine ya kundi. Hapa wapinzani wa tasfida wana haki ya kutabasamu.

Hoja yao, hata hivyo, ina shimo, na kifo ndicho kinacholionyesha. Kama kila tasfida lazima ioze, "kufariki" lingekuwa limeshaoza. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kutengana, na mpaka sasa ndilo neno la heshima la tanzia na la taarifa ya habari. "Marehemu", yaani aliyerehemiwa, nalo limesimama. Kilichoshuka ni lile neno la kale: kufa ni kwa mbuzi, kwa betri ya gari, na kwa mtu pale tu msemaji ana hasira au hana adabu. Ni kweli maiti anaelekea kusukumwa kando na "mwili wa marehemu", lakini mwendo wenyewe ni wa polepole.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni ya hofu na aibu. Kifo kinatisha, lakini hakimvunjii aliyekufa heshima; kila mtu atakifikia. Neno linalokikwepa halina mtu wa kumnyanyapaa, hivyo hubaki na staha yake. Magonjwa yanayodhaniwa kuwa ni malipo ya tabia, au yanayomtoa mtu katika hesabu ya watu timamu, huzaa aibu, na aibu humfuata mtu hadi kwenye jina jipya. Ndiyo maana hata jina la mahali huchafuka: katika mizaha ya Watanzania, kumwambia mtu aende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, ni tusi tosha bila neno "kichaa" kutajwa.

Je, basi kwa magonjwa ya aibu kubadili jina ni kazi bure? Japani inajibu vingine. Skizofrenia ilikuwa ikiitwa kwa jina lenye maana ya ugonjwa wa akili iliyopasuka. Chama cha familia za wagonjwa kiliomba libadilishwe mwaka 1993, na mwaka 2002 chama cha madaktari wa akili kikapitisha jina jipya, lenye maana ya hitilafu ya muunganiko wa akili. Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wakiwaficha wagonjwa jina la ugonjwa wao. Mwaka 2002 walioambiwa walikuwa asilimia 36.7, miaka miwili baadaye walifika asilimia 69.7. Pengine chuki ya mitaani haikupungua hata chembe. Lakini mgonjwa anayejua anaugua nini anaweza kuuliza maswali na kuelewa kwa nini anameza vidonge, na hilo si jambo dogo. Jina jipya, hata likichafuka baada ya miaka ishirini, limenunua miaka ishirini ya mazungumzo.

Brazili ilikwenda mbali zaidi kwa ukoma: sheria ya mwaka 1995 ililiondoa jina la zamani katika nyaraka za serikali na kuweka linalotokana na Hansen, daktari wa Norwei aliyegundua bakteria wake. Faida ni ileile, mgonjwa haanzi na laana ya karne nyingi. Hasara ni kwamba anayejua ukoma hajui Hansen ni nini, na asiyelijua jina la ugonjwa hazijui dalili zinazotangazwa kwa jina hilo.

Hasara hiyo huuma zaidi kwenye viungo vya mwili. "Uke" na "uume" zenyewe ni tasfida: hali ya kuwa mke, hali ya kuwa mume. Ziliwekwa mahali pa maneno ambayo hayaandikwi, na kwa muda zikawa maneno ya daktari. Sasa nazo zinaonewa haya, na watu wanasema "sehemu za siri", "nyeti", au "huku chini". Kila hatua imepoteza usahihi. Uke ni kiungo kimoja. Sehemu za siri ni eneo zima, la wanaume na wanawake. Mgonjwa akisema anaumwa huku chini, muuguzi hajui kama ni kibofu, mlango wa uzazi, njia ya haja kubwa au kinena, na kila kimoja kina vipimo vyake. Mtoto akieleza kwamba mtu "alimfanyia tabia mbaya", polisi anayeandika maelezo hana hata kitendo cha kuandika, wakati kosa la kubaka kisheria husimama juu ya kuingiliwa, hata kidogo tu. Hapa wapinzani wa tasfida wako sahihi, nami sioni cha kuwapinga. Kwa daktari na kwa mpelelezi tasfida iruhusiwe kufungua mazungumzo, kisha swali la pili litaje kiungo kwa jina.

Wapo pia waliolikataa pambo tangu mwanzo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinatumia neno "viziwi" waziwazi, ingawa kuna waliodai kwamba ngeli ya KI-VI inamshusha mtu hadi kitu. Hoja hiyo ya ngeli haina uzito, kwani tunasema kiziwi amefika, wala si kimefika, na kijana na kiongozi wamo humohumo. Neno likishikwa na wenyewe, wakaliandika kwenye bango la ofisi yao, mtu wa nje hupata shida kulifanya tusi.

"Mwathirika" halikupata wenyewe wa kulishika. Lilitolewa na waliokuwa wakiwahurumia. Kwa anayeandika leo, dawa yake ni ndogo na ya kisarufi: rudisha nyongeza iliyokatwa. Andika "familia zilizoathiriwa na mafuriko", "mama anayeishi na VVU", na uache kitenzi kifanye kazi ya kitenzi. Nyongeza ikikosekana, ujue msomaji ameshaijaza.