Nimeshamjua Aliyeniibia Usingizi

Jamani mimi naishi Kigoma, na kila siku naamka usiku kwenda kazini. Sio shifti ya usiku, hapana, ni ofisi ya kawaida kabisa, ila bosi yuko Dar na anapenda kikao cha kwenye simu saa moja kamili asubuhi. Kwake yeye jua lishatoka kitambo, ameshakunywa chai na chapati yake, ananiuliza "mbona upo gizani, washa kamera vizuri". Bosi, giza lenyewe ndio kwanza linaondoka huku! Jua limechungulia sasa hivi, jogoo wa jirani hata koo hajasafisha.

Halafu mwezi wa Ramadhani uliopita ndio nikakoma. Nimekaa na tende mkononi, runinga imewashwa, ikapigwa adhana, nikatia tende mdomoni, nikashushia na uji. Mama Zuhura anatoka jikoni ananiangalia kama ameona jini. "Baba Zuhura, hiyo adhana ni ya Dar." Nachungulia nje, jua bado lipo juu ya ziwa linanitazama tu. Karibu dakika 39 nimekula mchana kweupe! Shehe akaniambia siku hiyo niilipe.

Sasa mtu akishalipa siku nzima kwa tende moja lazima atafute mbaya wake. Nikatafuta, na nikampata, ni treni ya Waingereza.

Kwanza elewa hesabu, ni ndogo. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, kwahiyo kila digrii moja ni dakika nne. Ukienda magharibi digrii moja, jua la utosini linachelewa dakika nne. Dar mpaka Kigoma ni digrii tisa na nusu na kitu, piga mara nne, ndio hizo dakika 39 zangu. Zamani hili halikuwa tatizo la mtu, kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, jua likifika juu ya paa lenu ni saa sita, basi, majirani wana yao. Bristol iko magharibi ya London, saa zake zilikuwa nyuma kwa dakika 10 hivi na hakuna aliyekosa usingizi. Utakosaje, wakati gari la farasi linatumia zaidi ya nusu siku kufika? Walinzi wa magari ya posta walipewa saa zilizorekebishwa ziende polepole kidogo wakielekea magharibi, na haraka kidogo wakirudi. Yaani saa yenyewe inatembea na wewe kama mwenyeji, inakusindikiza. Nimeisikia hiyo nikatamani kulia.

Ikaja reli. Kampuni ya Great Western inajenga njia ya London mpaka Bristol, safari ya kutwa inakuwa ya saa chache, halafu anatakiwa mtu aandike ratiba. Hebu jiweke wewe. Treni inatoka London kwa saa ya London, inapita Reading ambako saa ziko nyuma dakika nne, inafika Bristol ziko nyuma 10. Kwenye karatasi, treni ya kwenda magharibi inaonekana ina mbio, ya kurudi inaonekana mvivu, na ni treni ileile! Na hilo sio la tiketi tu. Siku hizo treni zilitenganishwa kwa muda, mtu wa stesheni anahesabu dakika tangu ya kwanza ipite ndipo anaruhusu ya pili, sasa kila mmoja akiwa na dakika za kwao si watu watagongana? Novemba 1840 kampuni ikachoka, ikaamua stesheni zake zote ni saa ya London, tusisumbuane.

Hapo ndio Bristol ikaonja ninachoonja mimi. Chukua mzee wa pale, treni yake inaondoka saa kumi kamili jioni. Anatembea taratibu, saa ya mjini inasoma saa kumi kasoro tano, anajisifia moyoni kwamba leo amewahi. Anafika stesheni, saa ya huko inasema kumi na dakika tano, treni ilishaondoka dakika tano nyuma, kabaki moshi. Na hana wa kumgombeza maana saa yake haikukosea!

Watu wa Bristol wakafanya kitu nimekipenda sana. Kwenye saa ya jengo la soko la nafaka, mtaa wa Corn, wakaweka mishale miwili ya dakika, mmoja wa kwao, mmoja wa London. Mpaka leo upo. Wakang'ang'ania hivyo hadi 1852, mwaka ambao nyaya za simu ya maandishi zilianza kusambaza saa ya Greenwich, ndiyo hiyohiyo ya London, moja kwa moja, ndipo wakasalimu amri. Dorchester nao, mji mwingine hukohuko Uingereza, mwaka 1858, jaji alikaa saa nne kamili kwa saa ya mahakama, iliyofuata Greenwich, mdaiwa hayupo, akahukumiwa ameshindwa. Kumbe jamaa anakuja zake kwa saa ya mjini! Kesi ikaenda juu, akashinda, wakasema saa nne ni saa nne ya mahali mlipo. Yule mdaiwa ni ndugu yangu kabisa. Lakini 1880 bunge likatunga sheria, saa ni ya Greenwich Uingereza nzima, mchezo ukaisha.

Kwao angalau nchi ni nyembamba. Marekani saa moja tu isingetosha, na makampuni ya reli yalikuwa na saa zao karibu 50, stesheni kubwa zina saa ukutani kama duka la fundi. Basi Jumapili ya tarehe 18 Novemba 1883 yakaigawa nchi kwa mikanda ya digrii 15, kila mkanda saa moja. New York wakarudisha nyuma dakika nne hivi, sehemu nyingine adhuhuri ikapigwa mara mbili. Waliofanya hivyo ni wenye treni, serikali ilikuja kuweka sheria 1918! Mkanda huohuo ndio umenifunga mimi. Sisi tupo kwenye saa tatu mbele ya Greenwich, yaani digrii 45, na huo mstari haupiti Tanzania hata kidogo, umepita karibu na Mogadishu. Kumbe bosi naye ni mhanga, anaamka kwa jua la Wasomali, ila yeye kaibiwa kidogo, mimi nimeibiwa saa nzima na dakika moja na nusu.

Nikaenda kwa fundi saa nikiwa na saa yangu ya ukutani, nikamwambia niongezee mshale wa dakika mwekundu, kama wa Bristol, usome jua la Kigoma. Akapiga hesabu, akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, ukirudi nyuma saa nzima mshale wa dakika unarudi palepale! Wewe unataka mshale wa saa." Nikalipa, akaweka wa saa.

Sasa ipo sebuleni. Nikiamka nasoma mweusi. Jana nimerudi saa tatu usiku, Mama Zuhura akausoma mweusi. Nikamwonyesha mwekundu, saa mbili tu mke wangu, jua la kwetu. Akanijibu chakula kililiwa kwa saa ya Mogadishu.