Mwanafunzi Mmoja, Mafaili Matatu: Hifadhidata Ilishindaje?

Kati ya mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, watu 15,841 waliokutwa na virusi vya Korona nchini Uingereza hawakuonekana kwenye hesabu za taifa. Walikuwa wamepimwa na wenyewe walipewa majibu yao, lakini majina yao yalichelewa kuwafikia wale waliokuwa na kazi ya kutafuta watu waliokutana nao. Maabara zilikuwa zimetuma majibu katika mafaili ya CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa alama ya mkato. Shirika la afya ya umma likayaingiza kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, XLS, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Nafasi ilipokwisha, mistari iliyozidi ikaachwa nje, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wengi walisema tatizo ni kutumia Excel mahali palipohitaji hifadhidata, yaani mfumo maalumu wa kutunza data inayotumiwa na wengi. Ni kweli, ila jibu hilo ni fupi mno. Faili lilifanya kile ambacho faili hufanya siku zote: lilihifadhi kilichotosha. Halikujua kwamba mstari mmoja ulikuwa na maana ya mtu, wala kwamba mistari iliyoingia ilipaswa kulingana na iliyotumwa. Kanuni hizo zilikuwa vichwani mwa watu. Kwa maoni yangu hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndiyo sababu hifadhidata ilishinda. Ndani yake, kanuni za data hukaa pamoja na data yenyewe.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya bweni, ya kubuni, lakini yeyote aliyefanya kazi ofisini ataitambua. Mhasibu ana faili la ada. Mwalimu wa taaluma ana faili la matokeo. Matroni ana faili la vitanda na namba za simu za wazazi. Kila mmoja alitengeneza lake kwa mahitaji yake, na kila faili linafanya kazi vizuri. Mwanafunzi namba S0147, tumwite Rehema Juma, yumo katika yote matatu, pamoja na kidato chake na simu ya baba yake. Kurudiwa huku kwa taarifa ileile ndiko wataalamu wanakokuita urudufu.

Zamani urudufu ulichukiwa kwa sababu ya nafasi. Diski ya kwanza ya kompyuta ya IBM, iliyotoka mwaka 1956, ilikuwa na ukubwa wa kabati na ilibeba herufi zipatazo milioni tano, pungufu ya picha nyingi zinazopigwa leo kwa simu. Sababu hiyo imekwisha nguvu. Kuandika jina la Rehema mara tatu hakumgharimu mtu chochote siku hizi, na anayetetea hifadhidata kwa hoja ya kuokoa nafasi anapigana vita vya babu yake.

Gharama iliyobaki huonekana siku taarifa inapobadilika. Baba yake Rehema amebadilisha namba ya simu. Anampigia mhasibu kwa ajili ya ada, na mhasibu anarekebisha faili lake. Matroni hajui. Usiku mtoto akiugua, anapiga namba ya zamani. Hakuna aliyekosea kazi yake. Palikuwa na nakala tatu za ukweli mmoja na hakuna njia ya mabadiliko kufika kote. Urudufu huwa umelala tu hadi siku hiyo, kisha unazaa mgongano wa taarifa.

Mgongano una dalili zinazoweza kupimwa. Hesabu wanafunzi wa kidato cha pili katika kila faili. Mhasibu akiwa na 118, taaluma 121 na matroni 115, shule ina mgongano hata kama hakuna aliyelalamika. Ukijaribu kuoanisha orodha hizo kwa majina utakwama, kwa kuwa faili moja linasema Rehema Juma, la pili Juma Rehema, na la tatu Rehma J. Kompyuta inawaona hao kama watu watatu.

Ndani ya hifadhidata, shule inakuwa na jedwali moja la wanafunzi. Kila mwanafunzi ana namba isiyorudiwa, inayoitwa ufunguo msingi. Majedwali ya malipo, matokeo na vitanda hayaandiki jina wala simu tena; yanaandika S0147 tu. Simu ikibadilishwa sehemu moja, wote watatu wanaona namba mpya papo hapo. Zaidi ya hapo, mtu akijaribu kuingiza malipo ya S1047 ambaye hayupo shuleni, mfumo ulioandaliwa vizuri unakataa. Faili la kawaida lingepokea kosa hilo bila kusita.

Tatizo gumu kuliko yote ni la watu kutumia data kwa pamoja. Siku ya kufungua shule foleni ni ndefu, na mhasibu ameongezewa msaidizi. Faili la ada likiwa limefunguliwa kwenye kompyuta moja, ya pili mara nyingi huruhusiwa kusoma tu. Kwa hiyo wananakili faili kwenye flashi na kila mmoja anafanya kazi na nakala yake. Rehema anadaiwa shilingi 400,000. Mjomba analeta hati ya benki ya 150,000 kwa mhasibu, naye anaandika deni jipya: 250,000. Muda si mrefu mama analeta hati ya 100,000 kwa msaidizi, ambaye nakala yake bado inaonyesha 400,000, hivyo anaandika 300,000. Jioni nakala ya msaidizi inawekwa juu ya ile ya mhasibu. Deni halisi ni 150,000, lakini faili linasema 300,000. Malipo ya mjomba yamefutika, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea kwenye skrini.

Hifadhidata hushughulikia hali hii kwa muamala, yaani hatua kadhaa zinazohesabiwa kuwa kitendo kimoja: ama zote zinafanyika au hakuna hata moja. Watu wawili wakitaka kubadilisha mstari uleule kwa wakati mmoja, mmoja husubirishwa kidogo, huku wanaoshughulikia wanafunzi wengine wakiendelea na kazi.

Hata hivyo, hapa wauzaji wa mifumo hupenda kunyamaza. Programu ikisoma deni, ikalishika pembeni, kisha ikaandika jumla mpya bila kufungia hatua hizo katika muamala uliopangwa vizuri, kosa lilelile la flashi linaweza kutokea ndani ya hifadhidata ya bei mbaya. Dawa ya kuaminika zaidi iko kwenye usanifu: usihifadhi deni kabisa. Hifadhi kila malipo kama mstari wake, na deni lipatikane kwa kutoa jumla ya malipo kwenye ada. Kwa SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, malipo huingizwa na kujumlishwa hivi:

```sql
INSERT INTO malipo (namba, risiti, kiasi)
VALUES ('S0147', 'B-2201', 150000);

SELECT SUM(kiasi) FROM malipo WHERE namba = 'S0147';
```

Mstari wa mjomba na wa mama haviwezi kufutana, maana ni vitu viwili tofauti. Na ukiiwekea safu ya risiti sharti la kutorudiwa, `UNIQUE`, hati ileile ikiletwa mara ya pili mfumo utaikataa.

Kushirikiana kuna upande mwingine pia: kuzuia. Matroni anahitaji simu ya mzazi, ila si lazima aone nani anadaiwa. Ukimpa mtu faili umempa lote. Hifadhidata inaweza kumruhusu asome jedwali moja na kumfungia lingine.

Shida hizi zilianza mapema sana. Katika miaka ya 1960 kila idara ya kampuni kubwa ilikuwa na programu zake na mafaili yake, na mpangilio wa faili ulielezwa ndani ya programu. Ukirefusha nafasi ya jina kwa herufi tano, ulilazimika kurekebisha kila programu iliyosoma faili hilo. IBM ilitengeneza mfumo wa hifadhidata wa IMS pamoja na kampuni nyingine kwa ajili ya mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini, uliohitaji kufuatilia orodha kubwa mno ya vipuri. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alipendekeza data ipangwe katika majedwali, na mtumiaji asilazimike kujua imekaaje ndani ya mashine. Lugha ya SQL iliyoonekana hapo juu ilizaliwa kutokana na wazo hilo.

Basi mafaili yana utetezi gani? Upo, na si mdogo. Faili linafunguka bila seva na bila mtaalamu. Unaweza kulituma kwa barua pepe, na la CSV litasomeka hata programu iliyolitengeneza ikifa. Hifadhidata inamtaka mtu aamue mapema majedwali yawe yapi na yahusianeje, na akiamua vibaya, kubadilisha baadaye ni kazi ya wiki. Seva ikizimika siku ya kufungua shule, mhasibu, taaluma na matroni wanasimama wote kwa pamoja, wakati zamani kila mmoja angeendelea na lake.

Kuna hoja nyingine ambayo naiona nzito kuliko hizo. Mafaili matatu yakipingana, kule kupingana ni onyo. Ndani ya hifadhidata namba ya simu iliyoingizwa vibaya inaonekana vilevile kwa kila mtu, na ukubaliano huo unaifanya ionekane sahihi. Mfumo unazuia nakala zisipingane; kujua kama nakala pekee iliyopo ni ya kweli bado ni kazi ya kumpigia mzazi simu. Isitoshe, mtu anaweza kununua hifadhidata na kuandika simu ya mzazi katika majedwali matatu. Atakuwa amehamisha urudufu wake kwenye nyumba mpya.

Ukuta kati ya pande hizi mbili nao si mrefu kama unavyosimuliwa. Hifadhidata yenyewe huhifadhiwa kwenye mafaili, ila hakuna anayeyagusa bila kupitia mfumo. SQLite, iliyoanza mwaka 2000 na ambayo imo ndani ya simu nyingi, huweka hifadhidata nzima kwenye faili moja na haihitaji seva. Inampa mtu mmoja SQL, funguo na miamala, ingawa kwa waandikaji wengi wa wakati mmoja si chaguo la kwanza, kwa kuwa huruhusu mmoja tu kuandika kwa wakati.

Kwa shule yetu nisingehamisha kila kitu. Picha za wanafunzi na karatasi za mitihani zibaki mafaili, hifadhidata ikitunza tu zilipo. Ratiba ya zamu inayoandikwa na mtu mmoja ikae Excel. Orodha ya wanafunzi na malipo ndivyo vitangulie, kwa sababu orodha hiyo inahitajika ofisi tatu, na malipo yanaandikwa na mikono miwili. Kabla ya kuhama, mafaili matatu ya zamani yaoanishwe jina kwa jina na mzazi kwa mzazi, kisha hesabu ya mistari iliyoingia ilinganishwe na ile iliyotoka.