Tangazo moja au kazi saba?

"Tunazima toleo la kwanza la kiolesura chetu cha kufuatilia makontena, na timu saba bado zinalitumia. Kuna haja gani ya kuifungulia kila timu kazi yake kwenye ubao, wakati kazi moja na tangazo kwa wote vingetosha?"

Wanaotetea kazi moja wana hoja. Kila timu ina mambo yake, na si adabu kuingia kwenye ubao wa wenzio ukawapangia kazi. Kama watumiaji ni wawili na mnaonana kila asubuhi, waambie kwa mdomo na yaishe.

Tatizo ni pale wanapokuwa wengi. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja hapa Mombasa inayowatengenezea programu mawakala wa forodha, na kazi yetu iliitwa "Hamisha watumiaji wa v1". Kwa miezi mitatu hali yake ilisomeka "inaendelea". Haikuwa uongo, maana timu tano kati ya saba zilikuwa zimehama. Ila ukitaka kujua ni zipi mbili zilizobaki, ilibidi uzunguke ukiuliza. Tangazo nalo kila mtu alilisoma akidhani anayelengwa ni jirani yake.

Tulipogawa, kila kazi ilibeba jina la mtu mmoja, miito ambayo timu yake bado inaitumia, mwito mpya wa kuchukua nafasi ya kila mmoja, na idadi ya maombi ya wiki iliyopita kwa ufunguo wa timu hiyo. Hapo ndipo tukagundua kwamba timu mbili zilikuwa zikitumia ufunguo mmoja, kwa hiyo kwenye logi zilionekana kama timu moja. Tukazipa funguo tofauti kwanza. Bila hivyo huwezi kujua nani kahama na nani bado.

Lakini kilichonifanya niuamini mtindo huu ni timu ya ankara. Logi za siku kumi na nne hazikuonyesha hata ombi moja kutoka kwao. Kwa mtindo wa kazi moja tungewahesabu kuwa wamehama. Kwa kuwa kazi yao ilikuwa na jina la mtu, ilibidi mtu huyo ajibu, naye akaandika: "Sisi huita tarehe 18 tu, kila mwezi." Ripoti yao ndiyo iliyotumika kuandaa hesabu za VAT, ambazo Kenya huwasilishwa kabla ya tarehe 20 kupita. Tungezima tarehe 15, wangejua wamekwama zikiwa zimebaki siku mbili. Tangu siku hiyo sifungi kazi ya timu kwa neno la "tumemaliza", wala kwa wiki mbili za ukimya. Nauliza programu yao inayokawia zaidi kuita hukawia muda gani, kisha nasubiri mzunguko huo upite mzima bila ombi lolote.

Tarehe ya kuzima inakaa juu ya kila kazi, na pia ndani ya majibu ya seva yenyewe. Kichwa cha kuitangaza kina kanuni yake tangu 2019, RFC 8594:

```
Sunset: Wed, 23 Sep 2026 07:00:00 GMT
```

Saa hiyo ni ya Greenwich. Kwetu ni saa nne asubuhi, watu wakiwa mezani, na siku tatu baada ya VAT. Iandike kwenye kazi kwa saa za hapa, maana wapo watakaoona 07:00 wakasoma saa moja asubuhi. Usikitegemee kichwa peke yake, kwa sababu programu nyingi hukipokea na kukipuuza. Wiki moja kabla, zima toleo la zamani kwa nusu saa na urudishe `410 Gone`. Aliyesahauliwa na orodha atapiga simu siku hiyo, na bado kuna muda wa kumfungulia kazi yake.

Wapinzani husema tarehe iliyo wazi huwabana watu, na timu moja ikikwama mtalazimika kuisogeza kwa wote. Kwa kazi moja, ndivyo ilivyo, na tarehe ikisogezwa mara moja, ya pili haiaminiki. Kwa kazi saba, nyongeza huandikwa kwenye kazi ya timu iliyokwama peke yake, pamoja na sababu na tarehe yake mpya. Ufunguo wa timu hiyo tu ndio unaoendelea kukubaliwa. Funguo nyingine sita zinakataliwa Jumatano saa nne, kama ilivyoandikwa.