Sakitu ya Kericho na hesabu ya miaka thelathini

"Chai imeungua yote kwa barafu ya usiku mmoja, halafu mnatuambia dunia inapata joto. Joto lipi hilo?"

Januari 2012 maneno ya namna hii hayakuwa ya ajabu. Sakitu, ile barafu nyembamba inayoshuka alfajiri, ilikuwa imepiga mashamba ya chai ya Kericho, Sotik na Nandi Hills nchini Kenya, na majani yaliyokuwa karibu kuchumwa yakageuka kahawia. Mkulima aliyepoteza mapato ya miezi kadhaa ana haki ya kuuliza, na wanaomjibu mara nyingi humjibu vibaya. Humwambia kwamba hali ya hewa ni ya leo na tabianchi ni ya miaka mingi, wakadhani wamemaliza. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayamwonyeshi kilichotokea shambani mwake.

Tuanze na usiku wenyewe. Mchana kutwa ardhi hupokea joto la jua, na usiku kucha hulitoa kurudi angani. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Anga likiwa tupu, hewa ikiwa kavu na upepo umetulia, kama ilivyo kawaida ya Januari na Februari katika nyanda zile, joto hupotea bila kizuizi kikubwa, na jani hupoa haraka kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao, juu ya ardhi kwa kadiri ya mita moja na nusu. Kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 ilhali jani la chai limeshafika sifuri. Hewa iliyopoa nayo ni nzito, kwa hiyo huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana shamba la bondeni huungua lote, na la jirani aliye juu kidogo ya kilima likabaki kijani.

Kwa hiyo sakitu inatueleza mambo mawili kwa uhakika: usiku ule haukuwa na mawingu, na shamba lile liko mahali ambapo baridi hutuama. Kama Kericho ya leo ina joto kuliko Kericho ya miaka ya 1970, hilo sakitu haijui.

Nani basi anajua? Hapa ndipo mwenye shaka anapostahili kusikilizwa, kwa kuwa wanasayansi wenyewe walibishana kuhusu Kericho hiyohiyo. Malaria ilikuwa imeongezeka katika milima ya Afrika Mashariki na wengi wakasema ni joto. Mwaka 2002 mtafiti Simon Hay na wenzake walichapisha uchunguzi wa maeneo manne: Kericho, Kabale ya Uganda, Gikonko ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Waliangalia takwimu za tangu 1911 hadi 1995 na hawakuona badiliko la maana la joto katika miaka ambayo malaria ilipanda. Waliokuwa wakipinga habari za ongezeko la joto walifurahi, na kwa ushahidi uliokuwepo hawakuwa wakizua.

Tatizo lilikuwa katika aina ya takwimu. Zilikuwa za ramani ya dunia iliyogawanywa katika miraba, na kila mraba ulijazwa kwa kukadiria kutoka vituo vilivyo karibu. Katika nchi tambarare njia hiyo inafaa. Milimani, mraba mmoja humeza bonde lenye joto na kilele chenye baridi, na vituo vichache vilivyopo huenda viko kwenye mwinuko tofauti kabisa na shamba unalolizungumzia.

Mwaka 2011 mtafiti Judith Omumbo na wenzake, akiwemo mtaalamu kutoka idara ya hali ya hewa ya Kenya, walirudi kwenye kituo chenyewe cha Kericho, kilicho juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Walichukua vipimo vya kila siku vya 1979 hadi 2009 na kuvikagua kwanza, kwa sababu kipimo nacho huharibika: kituo kikihamishwa, chombo kikibadilishwa au siku zikirukwa, mstari unaweza kupanda au kushuka bila hewa kubadilika. Baada ya ukaguzi, joto la mchana, la usiku na wastani wake vyote vilikuwa vimepanda kwa kadiri ya nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Kama joto hilo ndilo lililoleta malaria ni mjadala mwingine, maana usugu wa dawa nao ulikuwepo.

Nyuzi 0.2 kwa muongo zinaonekana kichekesho. Kwa miaka thelathini ni 0.6, na zikija polepole hivyo hakuna ngozi ya binadamu inayoweza kuzihisi. Lakini hebu tuzipigie hesabu, kwa mfano wa kubuni na si takwimu za kituo chochote. Tuseme joto la chini kabisa la usiku wa Januari huwa na wastani wa nyuzi 10, na mchepuko wa kawaida, yaani kadiri ambayo usiku mmoja hutofautiana na wastani huo, ni nyuzi 2. Katika Januari kumi kuna usiku 310. Kwa mtawanyiko wa kawaida, yaani usiku mwingi ukiwa karibu na wastani na michache tu ikiwa mbali nao, kama 7 kati yake zitashuka chini ya nyuzi 6. Sasa pandisha wastani kwa 0.6 tu na usiguse kitu kingine. Zinabaki kama 3.

Sijui namba nyingine inayoeleza jambo hili vizuri kuliko hiyo, maana ina pande zote mbili ndani yake. Usiku wa baridi kali umepungua zaidi ya nusu kwa badiliko ambalo hakuna aliyelihisi. Na bado zipo 3. Mwenye shamba ataamka asubuhi moja akute majani yameungua, na asubuhi hiyo haitapingana na chochote, kwa sababu ongezeko la joto halikuwahi kuahidi kufuta baridi. Lililobadilika ni idadi, na idadi haionekani kwa kuangalia usiku mmoja, wala Januari moja. Hii ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipindi cha miaka 30 kama kipimo cha kawaida. Cha sasa ni 1991 hadi 2020.

Hesabu hiyohiyo inawabana pia walio upande wangu. Kila joto likizidi Februari, au mto ukifurika, kuna anayetangaza kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo hayo. Siku moja ya joto haithibitishi lolote, kama vile usiku mmoja wa baridi usivyokanusha lolote. Mwenye shaka anayeona mchezo huo na kuudharau ana hoja.

Tena, mfano wangu umedhani kwamba mtawanyiko haubadiliki, nao unaweza kubadilika. Sakitu inategemea mawingu na ukavu wa hewa, si wastani wa joto peke yake. Ikiwa Januari zitazidi kukauka, usiku usio na mawingu unaweza kuongezeka hata wakati wastani unapanda, na mkulima wa bondeni asione nafuu yoyote. Kujua hilo kunahitaji kipimajoto kinacholazwa usawa wa nyasi, karibu na lilipo jani, kisomwe kila asubuhi mwaka hadi mwaka, na mawingu ya usiku yaandikwe pembeni yake.