Mmoja akihama na deni, wanne waliobaki wanabeba nini?

*"Tuko watano kwenye kikundi. Mwenzetu mmoja amehama usiku na deni. Afisa mikopo anasema tutakatwa akiba zetu, na hakuna atakayepewa mkopo mpya mpaka deni la mwenzetu liishe. Sisi wanne hatujawahi kukosa rejesho hata wiki moja. Hii ni haki kweli?"*

Dada, kama mlitia sahihi fomu ya kudhaminiana, afisa anafuata mkataba. Lakini mkataba kuruhusu jambo hakulifanyi kuwa haki, na wala hakumaanishi kwamba jambo hilo lina faida, hata kwa mkopeshaji mwenyewe. Niliwahi kuwa mwekahazina wa kikundi kilichopatwa na mkasa kama wenu, kwa hiyo swali lako linanigusa.

Tuanze na kilichomfanya mkopeshaji awaunganishe. Anayekuja kukopa hana hati ya ardhi wala mshahara unaopitia benki. Mkopeshaji hamjui, na kumchunguza mtu mmoja mmoja kwa mkopo mdogo kunagharimu kuliko riba atakayopata. Majirani, kwa upande wao, wanajua kila kitu: nani anaamka mapema, nani ana madeni ya pembeni, nani ana biashara ya kweli na nani ana maneno matupu. Kwa hiyo mkopeshaji anawaambia wachaguane wenyewe, wafuatiliane wenyewe, na mmoja akishindwa wamlipie. Mwanauchumi Muhammad Yunus alipoanza majaribio ya mikopo katika kijiji cha Jobra, Bangladeshi, mwaka 1976, na baadaye Benki ya Grameen ilipozaliwa rasmi mwaka 1983, kikundi cha watu watano na mkutano wa kila wiki ndivyo vilivyokuwa nguzo. Watu ambao hakuna benki iliyowatazama walipata mkopo na wakalipa. Mtu akisema dhamana ya pamoja ni unyonyaji tangu mwanzo, nadhani hajawahi kuwa na shida ya mtaji huku mlango wa benki ukiwa umefungwa.

Tatizo ni kwamba ndani ya neno hilo moja, kudhaminiana, zimefungwa kazi tatu: kuchaguana, kufuatiliana na kulipiana. Mbili za kwanza majirani wanazifanya vizuri kuliko afisa yeyote. Ya tatu wanaiweza mpaka mahali fulani tu, kisha inageuka na kukiua kikundi. Mahali hapo panaweza kuhesabiwa.

Chukua kikundi cha watu watano, kila mmoja amekopa 1,000 katika fedha yoyote ile. Pamoja na riba kila mmoja anarejesha 1,200 kwa wiki 40, yaani 30 kila wiki. Kila mmoja aliweka akiba ya dhamana 100 kabla ya kukopa, na anaongeza 5 kila mkutano. Wiki ya 20 inapoisha, kila mmoja anadaiwa 600 na ana akiba 200. Hapo mmoja anatoweka.

Akiba yake 200 inakatwa kwanza. Linabaki deni la 400, ambalo likigawanywa kwa wanne ni 100 kila mtu. Inauma, kwa kuwa nusu ya akiba ya kila mmoja imekwenda kwa deni ambalo hakulila. Lakini inabebeka. Kama mkopo unaofuata ni mkubwa zaidi na biashara inaendelea, wengi watakubali.

Sasa tuseme wiki hiyohiyo wametoweka wawili. Deni lao ni 1,200. Ukitoa akiba zao inabaki 800 juu ya mabega ya watatu, karibu 267 kila mmoja. Akiba ya mtu ni 200 tu. Hata zikikombwa zote, bado linabaki pengo la 200 la kuchangwa kutoka mfukoni, na kila mmoja bado ana 600 zake za kulipa. Mwanachama mwaminifu anakaa usiku na kujiuliza: nikiendelea, nitatoa 600 zangu na karibu 267 za wengine, nikiacha, nitapoteza akiba yangu ya 200, basi. Aliyekuja kwenye mkutano kila wiki na rejesho lake mkononi ameanza kuona afadhali kuacha. Wanauchumi Timothy Besley na Stephen Coate walilieleza hili mwaka 1995: dhamana ya pamoja inaweza kumfanya alipe mtu ambaye peke yake asingelipa, na inaweza pia kumfanya aache mtu ambaye peke yake angelipa mpaka senti ya mwisho.

Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyokufa. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja alipokosekana, afisa alifunga daftari, akaketi, akasema haondoki na sisi hatuondoki mpaka hesabu itimie. Simu ya mwenzetu iliita tu. Mtoto alitumwa kwake, akarudi akasema mlango una kufuli na kamba ya nguo haina kitu. Tulichanga. Mama mmoja alitoa fedha aliyokuwa amefunga kwenye ncha ya khanga, na sote tulijua ni ya dawa. Kwenye vitabu vya mkopeshaji, wiki ile marejesho yalikuwa kamili. Wiki nne baadaye wakakosekana wawili wengine.

Wiki ile ya vitabu safi inastahili kutazamwa kwa makini. Kikundi hupasuka ndani wakati nje hesabu zinang'aa. Dalili ya kwanza ni rejesho linaloletwa na mkono wa mwingine: "Amenituma, ana mgeni." Mara moja ni dharura, mara tatu mfululizo, mtu anajificha au mwenzake anamlipia kimya kimya. Ya pili ni mwanachama aliyekopa kwa jina lake na fedha yote akamkabidhi mwingine. Huyo hana biashara wala kipato cha kulipia, na ukimuuliza bidhaa alizonunua anababaika. Akianguka aliyeshika fedha, yanaanguka majina mawili au matatu kwa siku moja, na ile hesabu yetu ya watu wawili inatimia bila onyo. Mwekahazina anayeandika kila wiki nani ameleta fedha kwa mkono wake ataiona hatari wiki nyingi kabla ya afisa.

Wanaotetea dhamana kamili wana hoja nzito: ukiiondoa, nani atajisumbua kumfuatilia mwenzake? Hoja hii ilipimwa. Nchini Ufilipino, watafiti Xavier Giné na Dean Karlan walifanya kazi na benki iliyoondoa dhamana ya pamoja katika baadhi ya vituo vyake na kuiacha katika vingine. Mikutano iliendelea kama kawaida, ila kila mtu alibeba deni lake. Baada ya miaka 3, kiwango cha kutolipa hakikuwa kimepanda. Grameen yenyewe, ilipobadili utaratibu wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliacha kumdai mwanachama deni la mwenzake. Huko Kolkata, India, ambako wakopaji hawakudhaminiana, wale waliokutana kila wiki katika mkopo wa kwanza walifahamiana zaidi, na katika mkopo wa pili walioshindwa kulipa miongoni mwao walikuwa wachache kuliko miongoni mwa waliokutana mara moja kwa mwezi. Kwangu mimi ushahidi huu unaelekea upande mmoja: kinachofanya kazi kubwa ni kuonana uso kwa uso, na ile adhabu ya kulipiana inachangia kidogo kuliko tulivyoaminishwa.

Hata hivyo, sitasema iondolewe kila mahali. Wakopaji wa vituo vile vya Ufilipino walikuwa wamekwisha kuchujana chini ya dhamana ya pamoja. Watu wabaya walishakataliwa mlangoni. Kikundi kipya cha watu wasiojuana vizuri ni habari nyingine. Mtu anayejua kwamba kosa la mwenzake litamgharimu kitu hamwaliki yeyote tu kikundini. Gharama hiyo inatakiwa iwepo, ila iwe na kikomo.

Kwa wakulima mambo ni tofauti kabisa. Kulipiana ni namna ya bima, na bima hufanya kazi pale balaa inapomkuta mmoja na kuwaacha wengine. Wanawake watano wenye biashara tofauti hawafilisiki wiki moja. Wakulima watano wa zao moja, bonde moja, mvua ikikata wanakosa wote. Nani amlipie nani? Zaidi ya hapo, mkulima hana fedha kila wiki. Ukimlazimisha rejesho la kila wiki, atakopa pengine ili alipe hapa. Ukimsubiri mpaka mavuno, ile dalili ya mkono wa mwingine haipo, na tatizo linajulikana siku ya mwisho. Kwa wakulima mikutano ibaki kwa ajili ya kutembeleana mashambani na kuuza pamoja, ili deni likatwe kwenye mauzo kabla fedha haijafika mfukoni. Hasara ya ukame ibebwe na bima au na mkopeshaji, kwa kusogeza muda wa kulipa.

Mkopeshaji atalalamika kwamba kikomo cha kulipiana kitampa hasara. Ndiyo, kidogo. Lakini yeye pia alimkubali yule aliyetoroka, alitembelea biashara yake na kuidhinisha mkopo. Na asipobeba kidogo baada ya mmoja kuhama, atabeba kikubwa wakiacha watatu.

Kwa hiyo, dada, kabla hamjakatwa, mwombeni afisa tarakimu mbili kwa maandishi: deni lililobaki la mwenzenu na akiba yake. Hakikisheni akiba hiyo imekatwa kwanza. Ulizeni kama riba ya wiki zilizobaki bado inahesabiwa, maana mkilipa deni lote kwa mara moja mna hoja ya kuomba ipunguzwe. Fungu la kila mmoja likiwa chini ya akiba yake, pendekezeni mlipe kwa awamu huku mikopo mipya ikifunguliwa kwa waliomaliza yao. Likizidi akiba, ombeni deni hilo litengwe, msimamiwe kila mtu kwa lake.

Kila mnachomlipia kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao: jina, kiasi, tarehe, sahihi zenu nne. Mkishalipa, yeye anadaiwa na ninyi. Na mwulizieni kwa ndugu zake kilichompata kabla ya kumwita mwizi. Yule wa kwetu alikuwa amelazwa na mtoto hospitali ya mbali, akaona aibu kusema. Tulipompata alilipa yote, kidogo kidogo, kwa mwaka mzima, lakini kikundi kilikuwa kimeshakufa.